Mrejesho: taa ya injini iliyokuwa ikizimwa na kurudi

Niliuliza: "Gari liko ndani ya waranti, taa ya injini imerudi mara ya tatu. Muuzaji anaizima tu. Barua nimwandikie nini?"

Ndugu zangu, taa imezimika, safari hii kwa kutengenezwa.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Hasira niliiacha nyumbani, nikaandika mara zote tatu nilizopeleka gari: tarehe, kilomita, na kodi ya hitilafu iliyosomwa kwenye kompyuta ya gari. Zote zilikuwa P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Hapo ndipo walipobanwa, maana kila ziara walikuwa wameandika "imefutwa, gari liko sawa". Kufuta kodi kunasafisha kumbukumbu ya kompyuta tu. Kasoro inabaki, na taa inakaa imezimika siku kadhaa hadi kompyuta ijipime tena. Mimi ilirudi nikipita Lugazi, nikitoka Kampala kwenda Jinja.

Niliomba jambo moja: watafute chanzo na waniandikie walichokikuta. Nikaambatisha nakala za karatasi zao, nikabaki na nakala yangu iliyogongwa muhuri mapokezi. (Yule dada alisita kidogo kuugonga.)

Fundi mkuu alipuliza moshi kwenye njia ya hewa, ukachungulia chini ya mpira unaotoka kwenye sensa ya hewa. Ufa mdogo, ukikunja mpira ndiyo unauona. Wamebadilisha bure. Nimeshatembea kilomita 900, dashibodi kimya.