Tunapitia PR za watu wa nje kabla ya kujua msimbo ni wa nani. Nimechoka!

Mpitiaji_Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Mradi ninaousaidia kuutunza ni wa chanzo huria, chini ya Apache-2.0, na kanuni zake zimeandikwa wazi. Komiti za mtu wa nje ziwe na sahihi, kila faili jipya liwe na kichwa cha leseni, na mchangiaji awe ameridhia mkataba wa wachangiaji. Vyote vikaguliwe kabla mtu yeyote hajaanza kupitia msimbo. Boti ndiyo imepewa kazi hiyo.

Ikaja PR kubwa ya kuongeza usomaji wa umbizo jipya la faili. Alama zote tatu za kijani. Nikaipitia kwa wiki kadhaa, mstari kwa mstari, nikimwelekeza mchangiaji, naye akirekebisha bila kulalamika. Nikiwa karibu kuidhinisha, nikashtuka kuona nusu ya msimbo imeandikwa kwa mkono mwingine kabisa: majina ya vigeu tofauti, maelezo ya ndani tofauti, hata namna ya kushughulikia makosa tofauti. Nikaendesha hii kwenye tawi lake:

```
git log --format='%h %G? | %an <%ae> | %cn' origin/main..HEAD
```

Ikatoka hivi (majina nimeyabadilisha):

```
9c1e4f2 G | fungua-pr <a@example.org> | fungua-pr
5b70d3a G | mwenzake  <b@example.com> | fungua-pr
e82a916 G | mwenzake  <b@example.com> | fungua-pr
17fd0c8 G | fungua-pr <a@example.org> | fungua-pr
```

Tazameni safu ya katikati. Komiti mbili kati ya nne zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuonekana kwenye mjadala. Sahihi zote ni nzuri, ndiyo, lakini zote ni za aliyefungua PR, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga upya tawi kwenye kompyuta yake. `git rebase` huacha jina la mwandishi kama lilivyo, ila komiti inaundwa upya na, kama mipangilio inatia sahihi, inatiwa kwa ufunguo wa yule anayeendesha amri. Beji ya "Verified" ilimthibitisha aliyezifunga komiti. Kuhusu aliyeandika msimbo haikusema lolote.

Boti ya mkataba nayo? Ilimwangalia aliyefungua PR tu. Yeye ameridhia, basi kijani. Huyo mwenzake hana mkataba, na anwani yake ya barua pepe haijaunganishwa na akaunti yoyote. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni mfanyakazi mwenzake, aliziandika kazini kwa vifaa vya kazini, na mwajiri hajaulizwa. Kwa hiyo haki za hizo komiti mbili huenda si zake hata huyo aliyeziandika!

Sijamaliza. Faili moja jipya lina kichwa chetu kizuri kabisa:

```
// SPDX-License-Identifier: Apache-2.0
```

Nikatafuta jina la funsheni moja lisilo la kawaida lililomo humo. Faili zima limetoka kwenye maktaba nyingine yenye leseni ya MIT. MIT ni leseni nyepesi, lakini sharti lake moja ni kwamba tamko la hakimiliki na maandishi ya ruhusa yabaki kwenye nakala. Yameondolewa, kikawekwa kichwa chetu. Na sababu ya kuondolewa ndiyo inayoniuma zaidi: boti ilimkatalia mara ya kwanza kwamba faili halina kichwa cha mradi, akatii. Ukaguzi wetu wenyewe ndio uliomsukuma kuvunja leseni ya mtu mwingine.

Sasa PR imesimama, na huenda kazi yote ni kutwanga maji kwenye kinu. Nimewaeleza watunzaji wenzangu, nikaambiwa "lakini ukaguzi ulikuwa kijani." Kijani cha nini? Ukaguzi wa mwanzo upo ili mpitiaji asipoteze nguvu kwenye msimbo ambao hauwezi kupokelewa. Kama hausomi jina la mwandishi kwenye kila komiti, uondolewe, angalau tujue hatuna.

Kasi_Kwanza

Mkuu pole, ila PR zenu ni kubwa mno. Sisi tumeweka kikomo cha mistari na majaribio lazima yapite ndipo mtu aguse. Tangu hapo hakuna usumbufu.

Mpitiaji_Mkongwe

Ndugu, majaribio yake yalipita yote. Msimbo wenyewe ni mzuri. Swali langu ni wa nani.

Saini_Moja

Mnajitesa bure na mafunguo. Acheni mkataba, acheni GPG, tumieni DCO kama Linux. Mtu anaandika `git commit -s`, komiti inakuwa na sahihi, na amekiri kwamba ana haki ya kuutoa msimbo. Moja kwa tatu.

Mama_wa_Repo

Mwanangu Saini_Moja, umepatia nusu. `-s` ndogo haitii sahihi yoyote ya ufunguo. Inaongeza mstari wa maandishi, `Signed-off-by`, ambao yeyote anaweza kuuandika kwa jina la yeyote. Sahihi ya ufunguo ni `-S` kubwa. Nimeona miradi ikizichanganya hizi hadi kwenye maelekezo yake, mchangiaji anahangaika siku nzima kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Nusu uliyopatia ni hii: kwa tatizo la mleta uzi, DCO ingesaidia kuliko ile beji. Ilianzishwa 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi zilizohusu asili ya msimbo wa Linux, na imeandikwa kwa kujua kwamba msimbo hupita mikononi mwa watu. Kipengele cha (c) kinahusu hasa kazi uliyopewa na mtu mwingine aliyekiri mwenyewe kabla yako. Kwa hiyo kwenye zile komiti mbili ungetarajia mistari miwili, wa mwandishi kisha wa aliyezipeleka. Ukiukosa wa mwandishi, PR inasimama kabla hujasoma hata faili moja.

Mleta uzi, boti yako irekebishwe kwenye jambo moja kwanza: ipitie kila komiti, ichukue mwandishi, ichukue na kila jina la `Co-authored-by`, ndipo iulize mkataba wa kila mmoja. Irudie kila tawi linaposukumwa upya, kwa sababu mtu anaweza kuwa kijani leo na kesho akaongeza komiti ya rafiki yake. Na pale barua pepe isipofahamika, jibu liwe "haijulikani", likizuia. Boti nyingi zilizosanidiwa haraka huruka wasiojulikana.

Kuhusu kichwa cha leseni, usimwambie mchangiaji "weka kichwa chetu". Mwambie "faili halina tamko la leseni, je, umeliandika wewe au limetoka kwingine?" Kama limetoka kwingine, linabaki na `SPDX-License-Identifier: MIT` pamoja na tamko la hakimiliki la mwenyewe, na maandishi ya leseni yanawekwa kwenye saraka ya leseni. Kutafuta neno SPDX kwenye mistari ya juu hakuwezi kugundua faili lililobadilishwa kichwa. Hapo inahitajika jicho la mtu, hata dakika chache, kwenye kila faili jipya refu.

Mgeni_Tawini

Samahani wakuu, mimi niko upande wa pili. Nilikuwa nimeweka sahihi kwenye komiti zangu zote. Mtunzaji akaniambia nipange upya tawi juu ya `main`, nikafanya, boti ikasema hazina sahihi. Nikaonekana mjanja. Mpaka sasa sijui nilikosea nini, na PR yangu imefungwa.

Mama_wa_Repo

Hukukosea, mwanangu. Komiti zilipoundwa upya, sahihi za zamani hazikuhama nazo, na mipangilio yako haikuwa inatia sahihi yenyewe. Fanya hivi, kisha sukuma tena:

```
git config commit.gpgsign true
git rebase -f -S origin/main
git push --force-with-lease
```

Hiyo `-f` inalazimisha komiti ziundwe upya hata kama tawi tayari liko juu ya `main`. Bila hiyo, git inaweza kusema kila kitu kiko sawa na isiguse chochote. Lakini ukiwa na komiti za mtu mwingine kwenye tawi, zitapata sahihi yako pia, kama ilivyokuwa kwa mleta uzi. Na mtunzaji aliyekufunga bila kukueleza hili amekukosea.

Mpitiaji_Mkongwe

Mgeni_Tawini, hasira yangu haikuwalenga ninyi. Huyu wangu naye hakuficha kitu. Jina la mwenzake lilikuwa wazi kwenye komiti tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuangalia.

Kichwa_Wazi

Naomba kupinga kidogo. Nyinyi mnaunganishaje? Kama mnabana komiti zote kuwa moja kwa kitufe cha GitHub, sahihi ya mchangiaji haifiki kwenye `main` kabisa. Inaingia komiti mpya yenye sahihi ya GitHub yenyewe. Basi kwa nini mnamsumbua mtu wa nje na mafunguo?

Mpitiaji_Mkongwe

Tunabana, ndiyo. Lakini nataka sahihi wakati wa mapitio, ili komiti niliyoisoma jana nijue leo imesukumwa na mtu yuleyule.

Kichwa_Wazi

Hilo akaunti yake inakuambia tayari. Mimi ningebaki na mkataba na leseni, sahihi ningeiacha kwa watunzaji wenye haki ya kuunganisha. Mnafukuza watu wanaorekebisha neno moja kwenye maelezo.

Mama_wa_Repo

Hapo hata mimi sina msimamo mmoja. Ila tahadhari kabla hujagusa boti: usiendeshe msimbo wa PR ndani ya `pull_request_target`. Hapo kuna tokeni ya kuandika na siri za mradi. Soma orodha ya komiti kupitia API, inatosha kwa mkataba. Ukitumia `pull_request` ya kawaida, kumbuka kwamba faili la ukaguzi linatoka kwenye PR yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kulibadilisha likasema kijani. Na kwa mchangiaji wa mara ya kwanza, ukaguzi huo mara nyingi hauanzi mpaka mtunzaji aruhusu. Watu huona hakuna jekundu, wakaanza kupitia, kumbe hakuna kilichokaguliwa.

Mpitiaji_Mkongwe

Hilo la mwisho limetokea kwetu pia, nimeangalia sasa hivi. Kuna PR mbili zenye maoni marefu ya mapitio na ukaguzi haujawahi kuanza.

Nimeandika pendekezo kwa wenzangu: hakuna anayepangiwa PR ya nje mpaka boti imtaje kila mwandishi, na faili jipya la kutoka kwingine libaki na kichwa chake. Suala la sahihi nimeliacha lijadiliwe. Hiyo PR kubwa, nimemwomba mchangiaji aombe mwajiri wake asaini mkataba wa taasisi. Wakikataa, komiti mbili zitatolewa na sehemu hiyo iandikwe upya na mtu ambaye hajausoma msimbo huo. Mimi nimeshausoma, kwa hiyo sitakuwa mimi.

Saini_Moja

Na asipojibu mwajiri?

Mpitiaji_Mkongwe

Bila jibu haiunganishwi.