Mnaouza "About ya LinkedIn ya kimataifa", hiyo nakala moja mtaiuza kwa watu wangapi?

Mzee_wa_Leja

Wakuu, leo niacheni niseme. Kuna watu wanachaji vijana hela kuwaandikia ile sehemu ya About ya LinkedIn, kisha wote wanapewa maandishi yaleyale, kilichobadilika ni jina la fani tu. Unachuja waombaji wa nafasi moja ya mhasibu, unakuta "wenye maono" watatu kabla hata chai ya saa nne haijafika. Maneno ni yaleyale, hadi koma zimekaa palepale.

Mfano huu nimeuchanganya kutoka nyingi, si wa mtu mmoja:

"Mtaalamu mbobezi wa fedha mwenye maono na shauku, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 7 wa kuongoza timu na kuleta mageuzi ya kifedha. Nimeokoa mamilioni ya fedha kwa taasisi mbalimbali kupitia mikakati bunifu."

Sasa shuka chini kwenye Experience ya profaili hiyohiyo. Kazi ni moja, mhasibu msaidizi, miaka 4. Hiyo 7 imetoka wapi? Wamejumlisha miaka mitatu ya digrii. "Timu" ni wanafunzi wawili wa field waliokaa wiki nane. "Taasisi mbalimbali" ni kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Na "mamilioni" ni ankara mbili za saruji zilizotaka kulipwa mara ya pili, kijana akazinasa.

Hapo ndipo hasira zangu zinapopanda. Kunasa ankara inayolipwa mara mbili ni kazi ya maana kabisa, mhasibu yeyote akiisoma atakaa sawa kwenye kiti. Huyo mwandishi wa kulipwa ameifukia chini ya "mikakati bunifu", halafu kijana anaonekana mwongo wakati kazi ameifanya kweli.

Uandishi wenyewe hauhitaji fundi. Nakili About yako, uibandike kwenye Notepad, kila dai mstari wake. Kisha chukua mstari mmoja mmoja ujiulize: bosi wangu akipigiwa simu na kusomewa sentensi hii, atasema "ndiyo, alifanya", au atauliza "nani, huyu huyu?" Mstari wenye jibu la pili futa, au urudishe kwenye ukubwa wake. "Nimeokoa mamilioni" ukiirudisha inakuwa ulichokifanya kwa mikono yako: ulilinganisha nini na nini, kwa kutumia nini, na nani aliidhinisha.

Kijana wa mfano wetu ingemtosha hivi:

"Ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Nashughulika na malipo ya wasambazaji: nalinganisha ankara na oda pamoja na hati ya kupokelea mzigo, kisha naandaa malipo kwa mhasibu mkuu kuidhinisha. Kwa mwezi ni ankara kama 300.

Baada ya kukuta ankara mbili zikikaribia kulipwa tena, nilitengeneza jedwali la Excel linalokagua namba ya ankara, msambazaji na kiasi kabla ya malipo. Idara bado inalitumia.

Nafanya usuluhishi wa benki kila mwezi kwa akaunti mbili, na naandaa rasimu ya ritani ya VAT ambayo mhasibu mkuu huikagua na kuiwasilisha. Hesabu za mwaka sijawahi kuziandaa peke yangu. Nipo kwenye mitihani ya NBAA, ngazi ya kati."

Maneno ni kama 100 tu. LinkedIn inakupa herufi 2,600, lakini hakuna aliyesema lazima uzijaze. Na angalieni mstari wa kwanza: kazi, aina ya kampuni, mji. Kwenye simu yanaonekana mistari michache tu ndipo maandishi yanakatwa mpaka mtu abonyeze. Ukianza na "maono na shauku", umemaliza nafasi yako hujasema hata unafanya kazi gani.

Binti_Ubungo

Mkuu umeongea, lakini soko halisomi hivyo. Rikruta anatafuta kwa maneno. Ukiondoa maneno makubwa, profaili haitokei kwenye utafutaji. Ndiyo maana hao waandishi wanayapachika.

Mzee_wa_Leja

Uko sawa nusu. Utafutaji wa maneno upo kweli. Ila jiulize rikruta anaandika nini kwenye kile kisanduku. Anaandika "accounts payable", "bank reconciliation", "Tally", "VAT", "Dar es Salaam". Hakuna anayekaa kutafuta mtu "mwenye shauku". Soma tangazo la kazi unayoitaka, chukua majina ya kazi na ya programu kama yalivyoandikwa, uyaweke ndani ya sentensi za kweli, na mengine kwenye Skills. Kama matangazo ya fani yako yako kwa Kiingereza, andika hayo kwa Kiingereza. Yale ya sifa ndiyo ya kutupa.

Na jingine, kuna wanaokupambia maandishi kwa herufi nene za kunakili kutoka kwenye tovuti fulani. LinkedIn haina kitufe cha herufi nene kwenye About, kwa hiyo zile ni alama nyingine kabisa zinazofanana na herufi. Jicho linaona "Tally", ila mashine ya kutafuta inaweza isilione neno hilo, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini anasikia takataka tupu. Mtu amelipia aonekane, kumbe amefichwa.

Kaka_Sola

Mimi nimejiajiri, nafunga sola Mwanza. Namba zangu ni kubwa na ni za kweli, nimeshafunga nyumba zaidi ya 140. Sasa na mimi nijishushe? Nikiandika kinyonge mteja ataenda kwa mwingine.

Mzee_wa_Leja

Usijishushe hata kidogo, kaka. 140 iandike. Ila iandike na mipaka yake: tangu mwaka gani, mifumo ya ukubwa gani, na ipi ulifunga mwenyewe na ipi ulikuwa na mafundi wenzako. "Nyumba 140 tangu 2018, nyingi za kilowati 1 hadi 3" inaaminika kuliko "mbobezi namba moja Kanda ya Ziwa". Huo mwaka na hizo kilowati nimevitungia mfano, weka vyako.

Mwalimu_Tabu

Mimi naona dawa ni kuandika "tulifanya" badala ya "nilifanya". Ndiyo unyenyekevu wetu huo, mtu hajisifu.

Nyambura_Hesabu

Hapo nakataa, Mwalimu. Huku Nairobi nasoma profaili nyingi za wahasibu, na "tulifanya" kila mahali inanichosha sawa na "nimeleta mageuzi". Tuliunda mfumo, sawa, wewe ulifanya nini hapo? Ulileta chai? Tumia "nili-" kwa mkono wako, na wengine uwataje kwa kazi zao: "nilitengeneza jedwali, mhasibu mkuu akaliingiza kwenye utaratibu." Hapo hujajisifu na hujajificha.

Halafu Mzee, umesahau vyeo. Hapo ndipo watu wanaungulia. Mtu amefaulu karatasi za mwisho, kesho yake jina limeshavaa CPA. Kufaulu si kusajiliwa. Huku wanaosajili wahasibu ni ICPAK, kwenu NBAA, na kuthibitisha mwanachama si kazi ngumu kwa mwajiri. Kama hujasajiliwa andika ulipofika, "nimemaliza mitihani, nasubiri usajili". Hakuna aibu hapo.

Mzee_wa_Leja

Nyambura, hilo nilipaswa kulianza nalo. Asante.

Jembe_la_Kilosa

Wakuu samahani, CV iwe kurasa ngapi? Na picha niweke ya suti au ya kawaida?

Binti_Ubungo

Jembe, uzi ni wa About, fungua wa kwako watakujibu. Mzee, swali: hizo ankara 300 na kiasi cha fedha, mwajiri hawezi kukasirika kuona mambo yake mtandaoni?

Mzee_wa_Leja

Swali zuri. Idadi ya ankara kwa makadirio mara nyingi haina shida. Shilingi ndizo zina shida: mzunguko wa malipo, jina la msambazaji, deni la mteja. Hizo si zako kuzitangaza. Ndiyo maana kwenye mfano nimesema "ankara mbili" bila kutaja thamani wala muuzaji. Kama mkataba wako una kipengele cha usiri, kisome kabla hujaweka hata hiyo idadi. Ukibaki na shaka, eleza utaratibu uache namba.

Chausiku_HR

Naongeza la kuzingatia. Mkibadilisha, zimeni kwanza ile "Share profile updates with your network" kwenye Settings, upande wa Visibility. La sivyo ofisi nzima inapata taarifa kwamba unatafuta kazi.

Nyambura_Hesabu

Chausiku, hiyo inahusu kubadili kazi, elimu na kumbukumbu za miaka kazini. Kuhariri About hakupigi kengele. Ukitaka izime, haina hasara. Lakini bosi akifungua profaili yako ataona maandishi mapya, hilo halizimiki.

Chausiku_HR

Sawa, nimekuelewa. Ila Mzee, ile sentensi ya "hesabu za mwaka sijawahi kuziandaa peke yangu" siikubali. Nimekaa upande wa kuajiri. Waombaji wakiwa 200, mchujaji wa kwanza anatafuta sababu ya kukutoa, na wewe umempa mkononi. Asipoulizwa, asiseme.

Mzee_wa_Leja

Nimeiweka kwa makusudi. Nafasi ikitaka mtu wa kuandaa hesabu za mwaka peke yake, kijana huyo atakwama kwenye usaili dakika ya tano, na nauli ya kutoka Mbagala imeshakwenda. Tena ile sentensi ndiyo inayofanya zile za juu yake ziaminike. Anayekiri asichokijua, unamwamini anapotaja anachokijua.

Chausiku_HR

Unamwamini wewe uliyesoma mpaka mwisho. Yule wa mchujo wa kwanza hafiki huko.

Nyambura_Hesabu

Mimi ningeiondoa kwenye About, niiseme kwenye barua ya maombi kama tangazo limetaja hesabu za mwaka. Ila rasimu ya VAT na "mhasibu mkuu huikagua" iachwe palepale, hiyo tayari inasema mipaka bila neno "sijawahi".

Mzee_wa_Leja

Hiyo ya Nyambura naweza kuishi nayo. Chausiku bado sijakubaliana na wewe.

Kaka_Sola

Nimebadilisha ya kwangu sasa hivi. Nimeandika "nyumba 140 tangu 2017, nyingi ni za taa na TV tu, friji chache". Mke wangu kasoma akasema sasa ndiyo inafanana na mimi. Lakini hiyo "friji chache" si itafukuza wateja wa friji?