Saa inataka nibaki mapigo 130, nikikimbia nipo 150. Nitembee tu? (Nakuru)

Kiatu_Kipya
Hamjambo wanaspoti. Ni mwanamke wa miaka 34, naishi Milimani hapa Nakuru, na mwezi huu nimeanza kukimbia mara tatu kwa wiki, alfajiri. Kila mtu ananiambia mbio nyingi ziwe nyepesi, zoni ya 2. Saa yangu inasema zoni ya 2 ni mapigo 112 hadi 130. Sasa nikitoka getini na kuanza kupanda, dakika ya tatu nishafika 150. Siku nyingine inaruka ghafla hadi 168 na bado naongea vizuri tu. Nikitaka kubaki 130 lazima nitembee. Nifuate saa? Ama moyo una shida? Nikipumzika ni 72, na situmii dawa yoyote.

Lami_Moja
Fuata saa dada. 220 toa umri wako ni 186, asilimia 70 yake ni 130. Ukivuka hapo si mbio nyepesi tena. Tembea hata kama ni wiki sita, kiburi ndicho kinaumiza wageni.

Tumbo_Kwisha
Kama unataka kupunguza mwili, hiyo 112 hadi 130 ndiyo mafuta yanachomeka. Usipite.

Kiatu_Kipya
Sijasema kupunguza mwili 😅 Nataka kumaliza kilomita 5 bila kusimama.

Kocha_wa_Jioni
Lami_Moja, hesabu yako ni sahihi, lakini imeanzia mahali pabaya. Asilimia ya mapigo ya juu kabisa haimjui anayeanza. Moyo wake ukipumzika tayari uko 72, kwa hivyo nafasi aliyo nayo ya kupanda ni 186 toa 72, yaani 114. Mbio nyepesi zinatumia takriban asilimia 60 hadi 70 ya nafasi hiyo. Asilimia 60 ya 114 ni 68, jumlisha 72 unapata 140. Asilimia 70 ni 80, unapata 152. Ile 130 ya saa ni kama nusu tu ya nafasi yake, na ndiyo maana kuipata ni lazima atembee. Kutembea si kubaya, ila asidhani ameshindwa kukimbia.

Kwa hiyo dada, dari lako la kuanzia ni 152, si 130. Kama saa ni Garmin, kwenye mpangilio wa zoni chagua `%HRR` badala ya `%Max HR`, kisha hakikisha namba ya asilimia iliyo kando ya kila zoni inalingana na unayotaka. Hiyo 72 ipime ukiwa bado kitandani, kabla ya kuinuka na kabla ya chai, asubuhi tatu nne, uchukue wastani. Ikitoka 64, dari linashuka hadi 149 tu, kwa hivyo usihangaike sana nayo.

Kinachoyumbisha zaidi ni ile 186. Ni wastani wa watu wa umri wako, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 hivi. Ukiwa kweli una 196, dari lako ni 159. Ukiwa na 176, ni 145. Ndiyo sababu namba lazima ipimwe na mdomo: sema sentensi nzima ya maneno kumi na kitu bila kuvuta pumzi katikati. Ukiweza, uko kwenye mbio nyepesi. Ukikata sentensi mara mbili, punguza, hata kama saa inasema 140.

Pepo_za_Dunga
Mimi niko Kisumu, umri 51, natumia atenolol ya presha. Sijawahi kupita 125 hata nikihema kama mbwa. Kwa hesabu hiyo niko mwepesi kila siku, sivyo?

Kocha_wa_Jioni
Hapana mzee. Atenolol inazuia moyo kupanda, kwa hivyo fomula zote hizi hazikuhusu. Ukihema hivyo unakimbia kwa nguvu, iwe saa inasema 125 au 95. Tumia kipimo cha kuongea peke yake, na daktari wako ajue unakimbia. Dawa usiiache kwa sababu ya saa.

Kiatu_Kipya
Na ile 168 inayoruka?

Kocha_wa_Jioni
Hapo nashuku saa, si moyo. Taa iliyo chini ya saa inasoma damu ikipita kwenye ngozi, na mkono ukitikisika kwa mpigo wa hatua, inaweza kuanza kuhesabu hatua. Hatua 160 hadi 170 kwa dakika ni kawaida kwa mtu anayekimbia. Dalili yake ni hii: namba inaruka kwa sekunde chache, inakaa palepale kama imegandishwa, na pumzi yako haijabadilika.

Ikitokea, simama papo hapo, weka vidole viwili shingoni kando ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Usikawie, maana ukisimama moyo unashuka haraka. Ukihesabu 36 ni 144, na saa bado inasema 168, basi saa imekosea. Alfajiri ya Nakuru ni baridi, mishipa ya ngozi inabana na saa inasoma vibaya zaidi. Tembea dakika 8 kwanza, vaa saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze isiteleze. Mkanda wa kifuani unasoma vizuri zaidi, lakini si lazima ununue sasa.

Lakini ikipanda hivyo ukiwa umekaa, au ikija na kizunguzungu, maumivu ya kifua au kutaka kuzimia, hiyo si ya saa. Nenda hospitali.

Lami_Moja
Sawa, 130 nimeiacha. Lakini 152 naona juu kwa mgeni. 180 toa umri ni 146, bora hiyo.

Kocha_wa_Jioni
Tofauti ni mapigo sita, madogo kuliko kosa la fomula zenyewe. Aanze na 146 akitaka, sitabishana. Kilicho muhimu ni njia: asianzie mlimani. Ashuke kwanza upande wa ziwa ambako ardhi imelala, atembee zile dakika 8, kisha akimbie 2 na kutembea 1, mara 8. Dari likiguswa kabla ya dakika 2 kuisha, atembee hadi arudi kama 130. Moyo unachelewa kujibu mwinuko kwa nusu dakika hivi, kwa hivyo apunguze mwendo kabla ya kupanda, asisubiri namba.

Kiatu_Kipya
Nimefanya leo. Vipande vitano vya kwanza vilifika 143 hadi 147. Vya mwisho 151, 153, 154, mwendo uleule, sentensi bado inatoka nzima. Nilipunguza. Nilikosea?

Kocha_wa_Jioni
Hukukosea. Mwili ukipata joto na kupoteza maji, moyo unapanda kidogo kwa mwendo uleule. Kama sentensi inatoka, mapigo machache juu ya dari dakika za mwisho si neno. Ikipanda 15 au 20, ulianza kwa kasi au jua limekushika.

Pepo_za_Dunga
Huku Kisumu jua la saa tatu asubuhi lingemfikisha hapo kipande cha pili.

Lami_Moja
Mimi bado ningempunguzia akigusa 150, joto au si joto.

Kiatu_Kipya
Na ile 186 ya kweli nitaijua lini?

Kocha_wa_Jioni
Si sasa. Ukiweza kukimbia nusu saa bila kutembea, na huna ugonjwa wa moyo, tafuta mwinuko wa dakika 3. Pasha mwili dakika 15, panda kwa nguvu mara tatu, ya mwisho umalize pumzi yote, ukiwa na mkanda wa kifuani. Chukua namba kubwa uliyoona, urudie hesabu. Mwinuko wa kujaribia hapo Milimani haukosi.