Naomba ushauri: kikamilisho cha otomata ya kulinganisha tegi

Ndugu wanachama, ninatengeneza otomata yenye rundo ya kukagua hati kama `<a><b></b></a>`, ambapo tegi ya kufungua huweka alama juu ya rundo na ya kufunga huiondoa. Kwa kuwa hati yenyewe ndiyo inayoamua kimo cha rundo, njia zote za otomata isiyo bainifu hupanda na kushuka pamoja. Ndiyo maana inaweza kufanywa bainifu, kisha kikamilisho kikapatikana kwa kubadilishana hali za kukubali na za kukataa.

Nilitunza seti ya hali pekee, nikafika `</b>` bila kujua hali ipi ilianzia wapi, na hati mbovu zikakubaliwa. Sasa natunza jozi za hali ya mwanzo na ya sasa, lakini hali `n` huweza kuzaa seti `2^(n²)`. Je, nizijenge zote mapema, au zile tu zinazojitokeza hati ikisomwa?