Naombeni ushauri: TPAD nimejipa alama za juu kotekote, mkuu wa idara amenirudishia

MwalimuGredi6
Hamjambo wenzangu. Niko shule ya msingi huku Kenya, nafundisha Hisabati gredi ya 6, watoto 46. Muhula unaisha na nimejaza sehemu yangu ya kujitathmini, viwango vyote vitano, nikajipa alama za juu kila mahali kwa sababu kusema ukweli hiyo ndiyo tabia yetu sote. Pale kwa ujuzi wa kazi nikaandika "nawahudumia wanafunzi wa viwango vyote kwa mbinu mbalimbali". Mkuu wa idara kaniita, kanionyesha fomu ya siku ile alipokuja kuniangalia darasani, kaniuliza "mbinu gani, na nani alisaidika?" nikabaki kimya. Sasa ameniambia niandike upya na niweke mapungufu yangu. Naogopa, nikiandika mapungufu si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe?

Kalamu_Nyekundu
Usiandike mapungufu kabisa dada. Hiyo kitu inabaki kwa sistimu, kesho ukiomba kupandishwa cheo wanakufungulia. Andika "sina tatizo", weka maandalio ya somo na rekodi ya kazi, mambo yamekwisha. Mimi miaka yote nafanya hivyo.

Mama_Skimu
Kalamu, hapo kwa karatasi uko sawa, bila maazimio ya kazi na rekodi hakuna mtu atakusikiliza. Lakini rekodi ya kazi inaonyesha ulifundisha nini, haionyeshi mtoto alishika nini. Nimekuwa mkuu wa idara miaka 9 na mwalimu anayejipa alama zote ndiye ninayemwangalia mara mbili, maana fomu ya uangalizi wa somo iko kwangu na nikiona haziendani lazima tukae tuongee.

MwalimuGredi6, hebu chagua mada moja tu ya muhula huu. Mwanzoni watoto walikuwa wapi, ukafanya nini, mwisho wako wapi?

MwalimuGredi6
Sehemu. Jaribio la mwanzo niliwapa 1/2 + 1/3, waliopata ni 11 tu, wengi waliandika 2/5. Nikawakunjisha karatasi kama chapati, waone nusu na theluthi si vipande vya ukubwa mmoja. Mwisho wa muhula wamepata 29.

Mama_Skimu
Sasa si huo ndio ushahidi! Andika hivyo hivyo, 11 wakawa 29, na lile kosa la 2/5 ulitaje, linaonyesha ulijua wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Weka karatasi mbili za mtoto mmoja, ya mwanzo na ya mwisho, jina ulifiche. Halafu wale 17 waliobaki usiwaruke, ni nini kinawashinda?

Mwl_Dodoma
Huku kwetu Tanzania OPRAS ilishaondoka, tuko PEPMIS, unaweka majukumu yako kwenye mfumo halafu msimamizi anathibitisha. Shida yangu mimi ni msimamizi hajaingia mwezi wa pili sasa, nifanyeje jamani?

Mama_Skimu
Mwl_Dodoma pole, hiyo ni nyingine, fungua uzi wako ndugu yangu.

MwalimuGredi6
Nimewapitia wale 17. Tisa hawajui meza ya kuzidisha, kwa hiyo hata asili ya pamoja hawaipati. Wanane wanaelewa ila makosa yao yalijirudia kwa sababu madaftari nilikuwa narudisha baada ya wiki nzima, nishafika mada nyingine. Hiyo ni yangu, siwezi kuwasingizia.

Mama_Skimu
Basi hilo ndilo pungufu lako, na limejitaja na dawa yake. Usiandike "nahitaji kuboresha usahihishaji", haina mkia wala kichwa. Sema unachelewa kiasi gani, kimemwathiri nani, muhula ujao utafanya nini. Na alama ya hapo jishushe kidogo, moja tu, usijichinje.

Tumaini_la_Lami
Mimi nilijishusha mwaka juzi, bosi akanishusha tena juu ya ile yangu. Inategemea aliyekaa upande ule wa meza.

Kalamu_Nyekundu
Si nilisema!

Mama_Skimu
Hutokea, siwezi kukataa. Ndiyo maana mkikaa mkutano wa tathmini beba hizo karatasi mkononi, usitegemee ulichopakia tu.

MwalimuGredi6
Nimeandika hivi: "Usahihishaji wangu wa madaftari 46 ulichukua hadi siku 7, wanafunzi 8 wakaendelea na kosa lile lile la sehemu. Muhula ujao nitasahihisha maswali 3 tu kila kipindi, papo hapo, nikianza na hao 8. Wale 9 wa meza ya kuzidisha nitakuwa nao dakika 20 Jumanne na Alhamisi kabla ya gwaride." Hapo kwa dakika 20 nasita kidogo, Alhamisi niko zamu na mvua ikinyesha watoto wa ng'ambo ya mto hawafiki mapema. Niache au nitoe Alhamisi?