Benki wanapokea marejesho yangu kila mwezi, lakini kumtoa mtalaka wangu kwenye mkopo wanasema sina uwezo!

MamaSalha_Fuoni:
Jamani, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Mimi mwalimu wa skuli, nipo Unguja. Mimi na aliyekuwa mume wangu tulikopa pamoja kumalizia nyumba. Talaka nimepewa, eda nimemaliza, na kwa Kadhi tumeelewana kwa maandishi: nyumba yangu, deni langu. Salio ni milioni 18.4, marejesho 620,000 kwa mwezi, na tangu aondoke nalipa peke yangu, mshahara na cherehani.

Nimewapelekea hati ya talaka, hukumu, kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha na slipu za mshahara. Afisa mikopo kazipekua, akaniambia: "Dada, mshahara wako 900,000. Lazima theluthi ibaki mkononi, kwa hiyo mwisho wako 600,000." Yaani kwa 20,000! Kulipa naweza, kuandikwa siwezi? Hela ya cherehani wanaipokea kila mwezi, ila hawaihesabu kwa sababu haipiti kwenye akaunti yao. Tena wanataka saini ya huyo bwana, naye yuko bara, simu hapokei. Na mdhamini wetu ni kaka yake!

Sharifu_Wete:
Pole sana bibie. Kadhi akishahukumu, benki haina la kusema. Wapelekee hukumu kwa nguvu, watii.

KaraniMstaafu:
Sheikh Sharifu, nusu ya maneno yako ni kweli. Hukumu inawafunga wawili hawa, kwa hiyo huyo bwana akiletewa deni anaweza kumdai bibie alipe kama walivyoandikiana. Benki haikuwa kwenye shauri lile. Mkataba wake unasema kila mmoja anadaiwa deni zima, na mdaiwa mmoja haachiwi mpaka benki ikubali.

Mama Salha, nimekaa dawati la mikopo miaka mingi. Jina halifutwi, mkopo unaandikwa upya. Ndiyo maana wanakupima kama mtu mpya. Na ndiyo maana wanamtaka mdhamini: mkataba ukibadilishwa bila ridhaa yake, anaweza kujitoa kisheria. Shemeji akigoma, tafuta mdhamini mwengine.

Sasa hiyo 620,000. Waombe wakupangie miezi 48. Kwa riba ya asilimia 15 kwa salio linalopungua, inashuka kama 512,000. Theluthi yako inabaki, na zaidi. Utalipa muda mrefu, riba yote itazidi kama milioni moja na nusu, hilo ulijue kabla hujasaini.

Bi_Asha_Chake:
Shoga na mimi yalinikuta, akaunti ya pamoja. Tulikuwa tunatoa kwa saini ya mmoja wapo, bwana akakomba yote wiki ile ile ya talaka! Kimbia benki leo, waandikie barua wabadilishe, itoke kwa saini zote mbili.

MamaSalha_Fuoni:
Bi Asha pole, mimi akaunti ilishafungwa, langu ni deni. Mzee Karani, na hiyo saini? Bila yeye hawaandiki upya.

KaraniMstaafu:
Kuandika upya kunahitaji saini yake. Kumaliza deni hakuhitaji saini ya mtu. Hapo ndipo pa kupita: benki nyengine inunue mkopo. Unakopa kwa mshahara wako peke yako, wao wanalipa benki ya kwanza, mkopo wa zamani unafungwa na nyote wawili mnatoka. Usiweke ile nyumba kuwa dhamana, maana hapo watamtaka tena. Omba barua ya salio la kumalizia deni, iandikwe tarehe ya mwisho wa hesabu, maana riba inaongezeka na ukichelewa kidogo tu utabaki na kijisalio kinachoendelea kukudai. Uliza na kama wanatoza kumaliza mapema. Ukishalipa, dai barua ya kufunga mkopo na hakikisha wamepeleka taarifa kwenye kumbukumbu za mikopo.

Kijana_Mkoani:
Wakikuzungusha, malalamiko kwa maandishi kwa benki kwanza, ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri. Jibu lisiporidhisha, Benki Kuu wana dawati la malalamiko, na tawi lipo Zanzibar.

MamaSalha_Fuoni:
Mbona pale benki hakuna aliyenambia kuwa kumaliza deni hakutaki saini yake? Barua ya salio naiomba Jumatatu. Ila hati ya matumizi ya ardhi iko kwao, na ina majina yetu wawili. Deni likiisha wananipa mimi?

KaraniMstaafu:
Hapo sikudanganyi. Benki nyingi hazitoi hati ya watu wawili kwa mmoja. Rudi kwa Kadhi na ile hukumu, uombe utekelezaji, aamriwe kusaini uhamisho. Akiendelea kujificha, tafuta wakili.

Sharifu_Wete:
Huyo bwana anajulikana yuko wapi bara? Wito utamfikaje?