Tupeane uzoefu: kutaniana na wauzaji hadi bei iteremke

Kastoma wa Jumapili: Leo sokoni Kibuye, Kisumu, mama wa mitumba kaniambia, "Shemeji, kwa hiyo pesa nenda ununue kamba, viatu utapata Krismasi." Tukacheka, akateremsha. Nyinyi huwataniaje?

Muuza raba: Tania kiatu na bei, usiguse mwili wangu wala mama yangu. Juzi kijana nilimtajia 1,500. Akageuza soli: "Hii imetembea hadi Busia na kurudi!" Nikamjibu, "Na wewe umeleta nauli ya boda ukitaka kupanda ndege." Akasema 500, nikashuka 1,200, akaondoka. Nikamwita, "Rudi shemeji, ukoo usinilaumu ukitembea pekupeku." Tukafunga 800. Tazama mkono wangu: nikiwa bado nimekishika kiatu, endelea kunitania. Nikikirudisha kwenye rundo, nimefika mwisho. Na ukitaja bei nikaikubali, umenunua. Kuondoka hapo ndiyo dharau yenyewe.

Bonde la Ufa: Anza na nusu ya bei. Siku zote.

Muuza raba: Siku zote hapana. Belo likifunguliwa, kamera, zile bora za kwanza, zinagombaniwa na wenye maduka, nusu utasikia kicheko tu. Jioni kwenye fagia, mabaki yakiuzwa rahisi, hiyo nusu yako utakuwa umelipa zaidi.

Mama Wawili: Omena nao? Gorogoro limebonyezwa chini, unajaziwa kilima juu ukidhani umependelewa. Huyo ataniwe vipi?

Bonde la Ufa: Mama, hapa ni nguo na viatu.

Mama Wawili: Soko ni soko! Mimi huingiza ngumi ndani ya mkebe nikimuuliza, "Dada, huu mkebe wako una kitovu?" Wenzake wakicheka, ananiongeza viganja viwili.

Mtu wa Nakuru: Neno moja msilitanie kamwe. Nilikuwa nashindania koti na muuzaji tunayejuana, utani umekolea, watu wametuzunguka. Rafiki niliyekuja naye akataka kunogesha, akapaza sauti akimwonyesha muuzaji: "Huyu ni mwizi!" Waliokuwa karibu walijua ni mchezo. Wa safu ya nyuma hawakujua, walisikia "mwizi" tu. Wanaume wakaja mbio, mmoja ana jiwe. Muuzaji aliruka juu ya meza, akamkumbatia rafiki yangu na kupiga kelele, "Ni shemeji! Tunapatana bei!" Mikono yake ilitetemeka hata baada ya watu kutawanyika. Koti nililipa bei aliyotaja mwanzo, sikuwa na mdomo wa kumwomba apunguze.

Jirani wa Jubilee: Kweli kabisa. Sema "unaniua" au "unanimaliza", lile neno liache.

Kastoma wa Jumapili: Pole sana. Na asubuhi kabla muuzaji hajafungua, hajauza cha kwanza, mnatania?

Jirani wa Jubilee: Usithubutu. Ukimtania kisha uondoke bila kununua, ataona umemfungia siku.

Mama Wawili: Mimi naenda alfajiri makusudi. Hataki wa kwanza aende mikono mitupu, atakupa.

Muuza raba: Atakupa, lakini hatacheka. Mimi wa hivyo nawakumbuka sura.

Mama Wawili: Basi nitakutumia mtoto.